Waya, Gata na Mgomba: Hesabu ya Mpangaji Anayehama Kinole

Mwalimu aliyepanga vyumba viwili kwenye nyumba yetu ya Kinole aliaga mwezi wa kumi na mbili, baada ya kupata uhamisho. Kodi yote ya miaka mitatu aliilipa. Siku tatu kabla ya kuondoka alileta daftari la vitu alivyovinunua tangu aingie, akajumlisha, akapata shilingi 685,000. Aliomba jambo moja tu: aambiwe kipi aondoke nacho na kipi akiache.

Nyumba hiyo ni ya mama yangu mkubwa. Mimi nakusanya kodi, naita mafundi na kuandika mikataba. Kwa hiyo swali lilinifika mimi, na nilipokaa kulijibu niligundua kwamba kwa miaka yote hiyo hatukuwa na karatasi inayolijibu. Mkataba wetu ulisema mpangaji arudishe nyumba "kama alivyoikuta". Alivyoikuta haikuwa na umeme, gata wala nondo za dirisha. Tukiyafuata maneno hayo kama yalivyo, angepaswa kung'oa kila kitu atuachie giza.

Nitaeleza hesabu tuliyoifanya, na tangazo tulilolibandika nyuma ya mlango baada ya hapo. Bei nitakazotaja nimezifanya za mviringo ili hesabu ifuatike. Mwenye risiti zake aweke zake, kwa sababu njia ya kuhesabu haibadiliki hata bei ikipanda.

Kwa asiyepafahamu, Kinole ni kata ya Morogoro Vijijini, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, upande unaopokea mawingu ya Bahari ya Hindi. Ni nchi ya ndizi, machungwa, karafuu, mdalasini na pilipili manga, na ndiko kwenye kiti cha Kingalu, chifu ambaye jina lake limepewa soko kuu la Morogoro mjini. Fleti za ghorofa hakuna. Kuna nyumba za vyumba vinne au sita zenye ua mmoja, na wapangaji wake ni walimu, wauguzi, mabwana shamba na wafanyabiashara wanaokuja kununua matunda. Kanuni ya kipi ni cha nyumba na kipi ni cha mpangaji ni ileile inayomhusu mwenye fleti ya ghorofa ya tano. Tofauti ni kwamba kwetu vitu vinavyobishaniwa ni gata na mgomba, mjini ni kiyoyozi na makabati ya jikoni.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi inaingiza ndani yake majengo na vitu vingine vilivyofungwa kwenye ardhi kwa namna ya kudumu. Maana yake, kitu kikishafungwa hivyo kinaacha kuwa mali ya kubeba, kinakuwa sehemu ya nyumba. Lakini "kwa namna ya kudumu" ni kipimo gani? Hapo mahakama zetu hurudi kwenye sheria ya mapokeo ya Kiingereza, ambayo Tanganyika iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kesi inayotajwa zaidi ni ya mwaka 1872, Holland dhidi ya Hodgson, iliyohusu mashine za kufumia nguo zilizopigiliwa misumari sakafuni kwenye kiwanda. Mahakama iliuliza mambo mawili: kitu kimefungwa kwa nguvu kiasi gani, na kilifungwa kwa kusudi gani. Kilichokaa kwa uzito wake chenyewe huhesabiwa kuwa cha kubeba, mpaka anayebisha athibitishe vinginevyo. Kilichofungwa, hata kidogo tu, huhesabiwa kuwa cha nyumba mpaka anayebisha athibitishe vinginevyo.

Mpangaji amepewa nafuu yake pia. Tangu zamani mahakama hizo zimemruhusu kung'oa vitu alivyovifunga kwa ajili ya biashara yake, au kwa matumizi na mapambo ya nyumbani, mradi vitoke bila kuiharibu nyumba, na avitoe kabla upangaji wake haujaisha. Nafuu hiyo ina ukomo wa saa. Akishakabidhi funguo na kuondoka, kilichobaki ukutani kimebaki.

Katika yote hayo hakuna mahali panapoulizwa nani alinunua, na hapo ndipo wapangaji wengi hujikwaa. Mwalimu aliposema, "Mama, waya hizi ni zangu, risiti zote ninazo," mama mkubwa alimjibu kwa upole: "Najua ulinunua wewe, mwanangu. Lakini sasa ziko ndani ya ukuta wangu." Wote wawili walisema kweli. Aliyenunua anajulikana. Kinachobaki kujua ni hicho kitu kina thamani gani kikishatoka ukutani, na ukuta unabaki na hali gani.

Sasa tufungue daftari. Mwalimu alilipa kodi ya shilingi 30,000 kwa mwezi kwa miezi 36, jumla 1,080,000. Alivyonunua ni hivi: wayaringi ya vyumba viwili kwa 180,000, fundi akiwamo. Gata la mita sita upande mmoja wa paa, 60,000. Tanki la plastiki la lita 1,000, 200,000. Sola ndogo yenye paneli, betri na taa zake, 150,000, aliyoinunua kabla umeme haujamfikia. Nondo za dirisha la chumba cha kulala, 70,000. Kitasa kipya cha mlango wa mbele, 25,000. Jumla ni hizo 685,000, na ukizilinganisha na kodi utaona kwamba kwa kila shilingi 100 aliyotulipa, aliweka karibu shilingi 63 nyingine ndani ya nyumba isiyo yake.

Vitu viwili kati ya hivyo havikuhitaji mjadala mrefu. Tanki limekaa juu ya kitako cha tofali kwa uzito wake. Likijaa lina kilo 1,000 za maji na hakuna mtu atakayelisogeza, lakini uzito haulifanyi liwe sehemu ya nyumba. Likimwagwa maji, watu wawili wanalibeba. Ni la mpangaji, na koki yake pia. Kitako cha tofali ni cha nyumba. Bomba lililopenya ukutani na kufukiwa kwa saruji ni la nyumba. Sola nayo ni yake: betri iko sakafuni, taa zimening'inia kwenye misumari, na paneli imeshikwa na vyuma vinne juu ya bati. Hivyo viwili vina thamani ya 350,000, zaidi kidogo ya nusu ya daftari lake.

Kubeba tu nako kuna gharama. Tanki la lita 1,000 halipandi pikipiki. Linahitaji kirikuu au lori la ndizi lenye nafasi, na barabara yetu ya mlimani ikilowa dereva anapanga bei anavyotaka. Tuseme usafiri wa tanki peke yake mpaka Morogoro mjini ni 40,000, na tanki lililotumika linauzwa 120,000. Akiliuza hapahapa kwa 100,000 anapata 20,000 zaidi ya ambazo angepata akilisafirisha kwenda kuliuza mjini. Akiwa anakwenda mahali ambako angelazimika kununua jipya kwa 200,000, basi alisafirishe. Ni uamuzi wake. Sisi wajibu wetu ulikuwa kumwambia kwamba tanki ni lake, na kwamba tuko tayari kulinunua.

Vinavyouma ni vile vinne vilivyobaki, vya thamani ya 335,000. Kwa kila kimoja nilichora mistari mitatu kwenye karatasi: kitauzwa au kitamfaa kwa kiasi gani kikishatoka, fundi atataka kiasi gani kukitoa, na kurudisha ukuta katika hali yake kutagharimu kiasi gani. Mstari wa kwanza ukitoa miwili inayofuata, unabaki na faida halisi ya kung'oa.

Wayaringi. Gharama kubwa ya kazi hii ilikuwa mikono ya fundi, na mikono haing'oki ukutani. Kinachotoka ni vipande vya waya vilivyokatwa, swichi, soketi na holda zenye alama za bisibisi. Tuseme vyote vinauzika 25,000. Fundi wa kutoa anataka 20,000. Kuziba mifereji ukutani, kupiga lipu na kupaka rangi ni 30,000. Ishirini na tano ukitoa hamsini unapata hasara ya 25,000. Na kuna hatari ambayo haionekani kwenye hesabu. Mpangaji akikata waya mwenyewe usiku wa kuamkia safari, anaweza kuacha ncha yenye umeme ndani ya tundu la swichi. Anayefuata kuingia ni familia yenye mtoto anayeingiza kidole kila penye tundu. Kwa sababu hiyo tu, mimi nisingeruhusu wayaringi itolewe hata kama hesabu ingeonyesha faida.

Hapa watu huchanganya mipaka, kwa hiyo niiseme. Waya unaotoka nguzoni mpaka mita, pamoja na mita ya LUKU yenyewe, ni vya TANESCO. Si vya mpangaji na si vya mwenye nyumba. Aliyelipa ile 27,000 ya kuunganishiwa umeme kijijini amelipia huduma, hakununua mita. Kuanzia meinswichi kuingia ndani, waya za ukutani, swichi na soketi ni vya nyumba. Globu, ekstensheni na kila kinachochomekwa ni cha mpangaji.

Gata. Kwa bei ndilo jambo dogo, lakini ndilo nililolifikiria kwa muda mrefu. Likitoka linauzika 15,000, kwa sababu limekatwa kufuata urefu wa paa letu na lina kutu kwenye viungo. Fundi wa kulitoa 10,000, kuziba matundu ya misumari kwenye fishabodi 5,000. Faida ni sifuri kamili. Mpangaji anaweza kusema, basi sifuri si hasara, nalichukua.

Lakini tazama gata linafanya kazi gani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Upande ule wa paa una urefu wa mita sita na upana wa mita tano, yaani mita za mraba 30. Mvua ya usiku mmoja ya milimita 40, ambayo kwenye miteremko yetu wakati wa masika haimshangazi mtu, inashusha lita 1,200 juu ya bati hilo. Hata ukitoa sehemu moja ya tano kwa maji yanayoruka na kumwagika, zinabaki lita 960, yaani tanki linakaribia kujaa kwa usiku mmoja. Ondoa gata, na lita hizohizo zinaanguka chini kwenye mstari mmoja wa mita sita kandokando ya ukuta: lita 160 kwa kila mita moja, kwa usiku mmoja. Udongo unachimbika, matope yanaruka mpaka usawa wa goti, na tofali za chini zinalowa. Nyumba za kwetu zenye msingi wa mawe yaliyoshikwa kwa udongo huanza kuoza hapo. Utaijua nyumba isiyo na gata kwa ule mfereji mwembamba chini ya ukingo wa bati na kwa lipu inayobanduka sentimita 30 za chini. Kujenga upya msingi wa mita sita kunagharimu mara nyingi zaidi ya shilingi 15,000 za gata kuukuu. Kwa hiyo gata linabaki, na ni haki aliyelifunga apate kitu.

Nondo za dirisha. Zimeingizwa ukutani na kushikwa kwa saruji. Zikitoka zinauzika 20,000 kwa mtu mwenye dirisha la kipimo kilekile, na huyo si rahisi kupatikana. Kuzichimba ni 15,000, kurudisha kingo za dirisha ni 25,000. Hasara 20,000. Kama zingefungwa kwa skrubu nne kwenye fremu ya mbao, habari ingekuwa nyingine kabisa: dakika kumi za bisibisi, matundu manne ya kuziba kwa unga wa mbao na gundi, na anaondoka nazo. Mtu anayejua kwamba atahama amwambie fundi tangu mwanzo atumie skrubu.

Kitasa. Hiki ndicho kilichotufundisha kanuni ambayo sasa imo kwenye tangazo. Kitasa kipya kikitoka kina thamani ya 12,000, kukitoa ni 3,000, kwa hiyo kinaonekana kama faida ya 9,000. Lakini mlango hauwezi kubaki na tundu. Aliyetoa cha nyumba akaweka chake, akitoa chake lazima arudishe cha nyumba. Mwalimu alikuwa ametupa cha zamani. Kununua kingine ni 15,000, na faida ya 9,000 ikageuka hasara ya 6,000. Mfuko wa nailoni na jina lililoandikwa kwa kalamu, "kitasa cha mlango wa mbele", vingemwokolea fedha hizo.

Jumlisha sasa: hasara 25,000 ya waya, sifuri ya gata, hasara 20,000 ya nondo, hasara 6,000 ya kitasa. Mtu aliyenunua vitu vya shilingi 335,000, akiving'oa vyote na kuirudisha nyumba kama alivyoikuta, anaondoka akiwa amepungukiwa na 51,000. Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo la haki: "Kwa hiyo fedha yangu imekwenda wapi?"

Imekwenda kwenye miezi 36 aliyoishi humo. Waya za 180,000 zikigawanywa kwa miezi 36 ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Gata ni kama 1,670, nondo kama 1,940, kitasa kama 690. Jumla ni karibu 9,300 kwa mwezi. Kodi yake halisi haikuwa 30,000, ilikuwa 39,300. Alikuwa analipa nyumba yenye umeme, maji ya mvua na usalama wa dirisha, ila sehemu ya kodi aliilipa kwa fundi badala ya kutulipa sisi. Hesabu hii haimrudishii shilingi hata moja, na sikuitumia kumnyamazisha. Lakini laiti angeifanya siku anamwita fundi, angekuja kwetu kwanza, na tungepunguza kodi. Kinachofungwa kwenye nyumba ya mtu mwingine ni kodi iliyolipwa mbele, na kodi hujadiliwa kabla ya kulipwa.

Kisheria hatukuwa na deni kwake. Mpangaji anayeboresha nyumba kwa hiari yake, bila mapatano na mwenye nyumba, hawezi kudai fidia baadaye kwa sababu tu nyumba imependeza. Lakini sisi tunabaki na waya zitakazowaka miaka mingine, na kodi ya vyumba hivyo tutaipandisha kwa sababu sasa vina umeme. Mama mkubwa hakutaka kupandisha kodi kwa jasho la mtu bila kumpa chochote.

Tulihesabu umri uliobaki. Waya tulizikadiria miaka kumi, zimetumika mitatu, kwa hiyo asilimia 70 ya thamani ipo: 126,000. Gata tulilikadiria miaka sita kwa mvua zetu, nusu imebaki: 30,000. Nondo miaka 20, asilimia 85: 59,500. Jumla 215,500, na tulichukulia kiasi hicho kuwa kikomo cha juu. Kikomo cha chini kilikuwa sifuri, kwa sababu akiving'oa hapati kitu. Tulikutana karibu na katikati: 107,000. Tukaongeza 100,000 za tanki, likabaki kwenye kitako chake. Akaondoka na 207,000, sola yake, na vyombo vyake. Naamini bei ya katikati ni ya haki pale ambapo pande zote mbili hazikuandikiana mwanzoni. Zikiwa zimeandikiana, basi yaliyoandikwa ndiyo yafuatwe.

Sola ilitupa kazi ndogo ya mwisho. Vyuma vinne vyenye skrubu mbilimbili viliacha matundu manane kwenye bati. Tundu la skrubu linaonekana kama jambo dogo mpaka mvua inyeshe na dari ipate duara la kahawia. Fundi alirudisha skrubu zenye mpira kwenye kila tundu na kuziba kwa silikoni. Kukagua ni rahisi: mchana mtu mmoja aingie darini, mwingine afunge madirisha, na mwanga utaonyesha kila tundu lililosahaulika. Kazi hiyo ni ya mpangaji, kwa sababu kitu ni chake na matundu ni yake.

Nimeacha ua mpaka sasa kwa sababu kwa Kinole ndio wenye historia ndefu zaidi. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ilikuwa ya ukoo. Mtu wa ukoo mwingine aliyepewa mahali pa kulima alitoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Aliruhusiwa mahindi na maharage, mazao yanayokwisha kwa msimu. Mti wa kudumu ulikuwa jambo jingine. Mti humfunga aliyeupanda na ardhi aliyoupandia, na ukikua, watoto wake watasema shamba ni la baba yao. Basi babu zetu nao walikuwa na kipimo chao cha vitu vya kuondoka navyo na vya kubaki, na kipimo hicho kilikuwa muda.

Mwalimu alikuwa amepanda mashina sita ya migomba nyuma ya jiko, mchicha, na mche mmoja wa mkarafuu. Mchicha aliuvuna wote. Migomba tuliamua hivi: mashina yanabaki, mikungu iliyokomaa ni yake, na machipukizi achukue anayoyataka. Shina moja lenye afya huzaa machipukizi kadhaa, na kuondoa baadhi yake kunausaidia mgomba. Alichimba manne. Mkarafuu ulikuwa na miaka miwili. Mkarafuu huhitaji kama miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, na kuung'oa katika umri huo ni kuuua. Ulibaki, na tulimwambia wazi kwamba hautamletea dai lolote baadaye. Alikubali, na tuliliandika.

Kitu kimoja hakuna anayeweza kukibeba: uniti za LUKU zilizo kwenye mita. Siku ya kuondoka zilikuwa 40. Kwa bei ya D1 iliyotangazwa na EWURA mwaka 2016, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ni shilingi 4,000 na zaidi kidogo. Tulimrudishia. Upande wa pili, kama mita ina deni, litakatwa kwa mpangaji ajaye siku atakaponunua umeme kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tunasoma mita pamoja na kupiga picha namba zake kabla ya funguo kubadilisha mikono.

Baada ya mambo hayo niliandika tangazo. Mama mkubwa alinifanya nilisome kwa sauti mara mbili na kufuta maneno niliyoyapamba. Liko nyuma ya kila mlango, na nakala hutiwa saini siku ya kuingia. Linasema hivi:

"Ndugu mpangaji, karibu. Siku utakapohama, vya nyumba ni hivi: milango, madirisha, fremu, vitasa na funguo zake zote, nondo zilizoshikwa kwa saruji, waya za ukutani, swichi, soketi, holda na meinswichi, dari, sakafu na bati, gata na fishabodi, bomba lililofukiwa, kitako cha tanki, mashina ya migomba na miti yote ya kudumu. Mita ni ya TANESCO, usiiguse.

Vyako ni hivi: tanki na koki yake, sola na betri, globu na vyote vinavyochomekwa, pazia na fimbo zake, rafu, vioo na ndoano ulizofunga kwa skrubu, jiko na mtungi wa gesi, mboga, mikungu iliyokomaa na machipukizi. Ukiacha tundu, lizibe. Ukitoa cha nyumba ukaweka chako, kitunze cha nyumba, ukirudishe.

Kabla hujafunga kitu cha zaidi ya nusu ya kodi ya mwezi, tuambie. Tutaandika bei yake, tutakata kiasi gani kwenye kodi, na kama kitabaki au utaondoka nacho. Usipotuambia na kikafungwa ukutani, kitabaki bila malipo. Toa vyako kabla ya kukabidhi funguo. Tutakagua pamoja mchana, siku mbili kabla hujaondoka. Tukishindwa kuelewana tutakwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji."

Baraza hilo lina wajumbe saba, na sheria inataka angalau watatu wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Mtu anayekwenda huko akiwa na karatasi iliyotiwa saini na picha za siku ya kuingia atasikilizwa kwa muda mfupi kuliko anayekwenda na kumbukumbu.

Kile kiwango cha nusu ya kodi ya mwezi, yaani 15,000 kwa vyumba vile, tulikichagua kwa makusudi. Chini ya hapo ni globu, ndoano na rafu, na hatutaki mtu atupigie simu kila akinunua msumari. Juu ya hapo kuna kitasa, nondo, gata na waya. Vitu vinne vya mwalimu vyote vingekuwa juu ya mstari.

Mpangaji aliyemfuata ni muuguzi. Mwezi wa pili wa kukaa kwake alipiga simu: anataka sinki la kuoshea vyombo, fundi amemwambia 90,000 pamoja na bomba la kutoa maji machafu. Sinki likishafungwa kwenye zege halitoki. Tuliandika kwenye nakala yake kwamba sinki ni la nyumba tangu siku ya kwanza, na kwamba nusu ya bei, 45,000, itakatwa kwenye kodi kwa miezi tisa, 5,000 kila mwezi. Nusu nyingine ni ya matumizi yake. Kama atahama kabla ya miezi tisa, kilichobaki kwenye ile 45,000 atapewa mkononi siku ya kukagua mita.